Kupanga na kuchuja tablo mu Excel bila mistari ya boni moja kuachana

Kila mwisho wa mwezi swali iko ile ile. Mtu anaandika madeni ya depo mu Excel, bosi anamuomba alfabeti, anafinya A mpaka Z, na nusu ya vitu havina mwenyewe tena. Anauliza namna gani ya kurudisha. Kama bado hujafunga fishie, finya `Ctrl+Z` sasa hivi mpaka tablo irudi, kisha ndio uje kusoma. Kama umesha kuregistre na kufunga, angalia kule chini kwa shida, lakini habari si nzuri sana.

Hapa sitafundisha Excel yote. Nashika kesi moja tu, ile inayoharibu tablo za watu wengi hapa Goma: boni moja yenye mistari mingi. Mama anakuja Birere, anachukua unga, sukari na mafuta kwa deni, weye unaandika jina lake mara moja tu juu, na chini yake unaandika vitu bila kurudilia jina. Kwa macho ya mtu iko wazi kabisa. Kwa Excel ule mstari wa pili na wa tatu hauna mwenyewe, na siku utapanga ao utachuja njo utaona.

Majina ya vifungo nayatia mu Kifaransa juu njo vile mashini zetu mingi ziko.

Tablo tutakayotumia

Mfano mdogo, boni tano, mistari tisa. Kolone A mpaka F, vichwa viko kwenye mstari wa 1, vitu vinaanza kwenye mstari wa 2 mpaka wa 10.

```
Boni  Tarehe  Mteja        Bidhaa  Wingi  Dola
101   03/03   Mama Furaha  Unga    4      88
                           Sukari  1      45
                           Mafuta  2      50
102   04/03   Papa Bahati  Mchele  2      56
                           Sukari  1      45
103   04/03   Mama Neema   Unga    1      22
104   07/03   Mama Furaha  Mchele  1      28
105   08/03   Papa Bahati  Mafuta  1      25
                           Unga    2      44
```

Jumla yote 403. Mama Furaha anadaiwa 211, Papa Bahati 170, Mama Neema 22. Ushike hizi namba, tutazitumia kujua kama kitu kimeharibika.

Sasa angalia nini inafika ukipanga hii tablo kwa kolone ya Mteja, A mpaka Z, vile iko. Excel ina tabia moja haibadilike: visanduku vitupu vinaenda chini siku zote, upange A mpaka Z ao Z mpaka A, haijalishi. Basi juu utakuwa na Mama Furaha unga 88, Mama Furaha mchele 28, Mama Neema 22, Papa Bahati 56, Papa Bahati 25. Na chini kabisa mistari ine bila jina: sukari 45, mafuta 50, sukari 45, unga 44. Zile sukari mbili, ya nani iko ipi? Hakuna namna ya kujua tena. Dola 184 hazina mtu.

Na jambo baya zaidi, ukifanya jumla utapata 403 kama mbele, franga haijapotea hata moja. Njo maana watu wanachelewa kuona, wanaangalia jumla, wanaona iko sawa, wanaregistre, wanafunga. Jumla haiwezi kukuambia kama mistari imechanganyika, inakuambia tu kama kuna mstari umepotea.

Kuchuja nako kuko na shida ile ile ila haiharibu, inadanganya tu. Ukichuja Mama Furaha kwenye ile tablo, utaona mistari mbili, jumla 116. Atakulipa 116 akiwa na furaha yote, na 95 zitabaki kwako.

Unahitaji nini mbele ya kuanza

Excel kwenye mashini, ya zamani kidogo ao ya mpya, hatua zinabaki karibu sawa. Kwenye telefone unaweza kuchuja na kuangalia, lakini hii kazi ya kutengeneza tablo usiifanye na kidole kimoja, tafuta mashini.

Boni za karatasi ao kile kitabu cha madeni, pembeni yako. Kama mstari unakuletea mashaka, karatasi njo itaamua.

Na kopi ya fishie. Si kopi ya kesho, ya sasa: finya `F12` (kwa laptopu zingine ni `Fn` na `F12`), badilisha jina, tia tarehe ndani, mfano `madeni_kopi_10mars`, kisha uifunge ile kopi na ufungue tena ile ya kwanza. Watu wengi wanasahau hapa kwamba nyuma ya `F12` uko ndani ya kopi, si ndani ya fishie ya kwanza, angalia jina juu ya dirisha mbele ya kuendelea.

Hatua

1. Toa filtre yote na ufungue mistari iliyofichwa

Nenda `Données`. Kama kifungo `Filtrer` kimewaka, finya `Effacer` pembeni yake ili mistari yote irudi. Kama kuna mistari mtu aliificha na mkono (utaona namba za pembeni zinaruka, mfano 6 kisha 9), chagua tablo yote, finya kulia juu ya namba za mistari, `Afficher`. Sababu yake: ukipanga wakati mistari fulani imefichwa, ile iliyofichwa inabaki pale pale, inayoonekana ndiyo inazunguka. Unafikiri umepanga yote kumbe umepanga nusu.

2. Vunja visanduku vilivyounganishwa

Kuna watu wanapenda tablo nzuri, jina la Mama Furaha wanalipanua mpaka lifunike mistari yake tatu na `Fusionner et centrer`. Kwa kuchapisha karatasi inapendeza, kwa kupanga ni balaa. Excel itakatalia kupanga, itasema visanduku vilivyounganishwa vyote viwe na ukubwa moja. Chagua tablo yote, `Accueil`, finya `Fusionner et centrer` ili izimike. Jina litabaki juu na chini yake kutakuwa kutupu, sawa na tablo yetu.

3. Kila mstari upewe boni yake, tarehe yake na mwenyewe wake

Hii njo hatua yenyewe, zingine zote zinaizunguka. Kama tablo iko na mistari tisa unaweza kuandika na mkono, ikiwa na mia nane fanya hivi.

Chagua kutoka A2 mpaka C10, ni kusema kolone Boni, Tarehe na Mteja tu. Usichukue Bidhaa, Wingi ao Dola, kule kama kuna utupu ni utupu wa kweli, usiujaze. Nenda `Accueil`, `Rechercher et sélectionner`, `Sélectionner les cellules`, tia alama kwa `Cellules vides`, `OK`. Sasa visanduku vitupu tu vimechaguliwa, na kimoja, A3, kinakungojea. Usifinye na suri popote, ukifinya umepoteza chaguo lako. Andika alama ya `=`, finya mshale wa juu mara moja, utaona:

```
=A2
```

Usifinye Entrée peke yake. Shika `Ctrl` na ufinye `Entrée`. Vitupu vyote vinajaa kwa mara moja, kila kimoja kinachukua kilicho juu yake. Mstari wa 3 na wa 4 sasa ni 101, 03/03, Mama Furaha. Kama kolone ya Tarehe inaonyesha namba ya ajabu kama 45719, si kosa, ni tarehe bila nguo, badilisha format yake kuwa `Date courte`.

4. Geuza zile formile ziwe maneno ya kawaida

Usiruke hii hatua. Narudilia, usiruke, juu watu kumi wanaofanya hatua ya 3 vizuri, wengi wao wanaharibu hapa. Sasa hivi kwenye C3 hakujaandikwa Mama Furaha, kumeandikwa "chukua kilicho juu yangu". Ukipanga sasa, ule mstari utahama, utaenda kukaa chini ya mtu mwengine, na utachukua jina la ule mtu mwengine. Hapo haitakuwa utupu unaoonekana, itakuwa sukari ya Mama Furaha kwa jina la Papa Bahati, na hakuna rangi nyekundu itakayokuambia.

Chagua A2 mpaka C10 tena, `Ctrl+C`, finya kulia pale pale, `Collage spécial`, `Valeurs`, `OK`. Kisha finya juu ya C3 na uangalie ile mstari wa formile juu ya tablo: unapashwa kuona `Mama Furaha`, si `=C2`. Angalia visanduku viwili vitatu vingine, na A na B pia.

5. Tia kolone ya Namba

Kwenye G1 andika Namba. G2 andika 1, G3 andika 2, chagua zote mbili na uvute kona mpaka chini: 1, 2, 3 mpaka 9. Hii ni mpangilio wa mwanzo, vile vitu viliandikwa kwenye boni. Kesho ukipanga kwa jina, kesho kutwa kwa dola, utaweza kurudi nyumbani kwa kupanga kwa Namba, hata fishie ikiwa ilifungwa mara kumi. Andika namba za kweli, usitie formile ya kuhesabu mistari, juu formile itajihesabu upya nyuma ya kupanga na haitakusaidia kitu.

Lakini iko na mpaka wake. Namba inakurudisha kama mistari ilihama mizima mizima. Kama ulipanga kolone moja peke yake na zingine zikabaki, Namba haina dawa, kopi njo dawa.

6. Tia muhuri wa kila mstari

Hii wengi hawaifanye na mimi naipenda sana. Kwenye H1 andika Muhuri, na kwenye H2:

```
=A2&"-"&C2&"-"&D2&"-"&F2
```

Ivute mpaka H10, kisha `Ctrl+C` na `Collage spécial`, `Valeurs` kama hatua ya 4. Mstari wa 3 utasoma `101-Mama Furaha-Sukari-45`. Ni picha ya mstari mbele ya kuuhamisha. Tutaitumia kwenye hatua ya 8.

7. Panga, na viwango vitatu

Hakikisha hakuna mstari mutupu ao kolone tupu katikati ya tablo. Excel inaona tablo yako mpaka pale inakutana na utupu mzima, kolone tupu ya kupumzisha macho kati ya Bidhaa na Wingi inatosha kukata tablo mara mbili, majina yatahama na dola zitabaki, na hakuna atakayekuuliza kitu. Lakini mstari wa jumla pale chini, ule uutenge na mstari mutupu, usipange nao, ao uutoe kabisa.

Finya kisanduku kimoja tu ndani ya tablo, C4 mfano. Usichague kolone. `Données`, kisha kile kifungo kikubwa `Trier`, si vile vidogo vya A na Z. Mbele ya kugusa kitu chochote kwenye dirisha, angalia nyuma yake ni eneo gani Excel imechagua: lianze mstari wa 2, liishie mstari wa 10, na lichukue mpaka kolone H. Kama H ao F iko nje, `Annuler`, kuna utupu mahali.

Tia alama kwa `Mes données ont des en-têtes`, la sivyo vichwa vya kolone vitapangwa pamoja na wateja na utakuta neno "Mteja" katikati ya Mama Neema na Papa Bahati.

Sasa `Trier par`: Mteja, `De A à Z`. Finya `Ajouter un niveau`: Boni, `Du plus petit au plus grand`. Finya tena `Ajouter un niveau`: Namba, `Du plus petit au plus grand`. `OK`.

Kiwango cha kwanza kinaleta wateja pamoja, cha pili kinashika boni za mteja zisiingiliane, cha tatu kinaacha vitu ndani ya boni vile vilivyoandikwa. Utapata Mama Furaha 101 na mistari yake tatu, Mama Furaha 104, Mama Neema 103, Papa Bahati 102 mistari mbili, Papa Bahati 105 mistari mbili.

8. Hakikisha na muhuri

Kwenye J2 (si I, tutatumia I baadaye) andika:

```
=H2=A2&"-"&C2&"-"&D2&"-"&F2
```

Vuta mpaka J10. Kila mahali isome `VRAI`. `FAUX` moja tu inatosha kusema kolone fulani haikuhama na wenzake: `Ctrl+Z` mpaka urudi mbele ya kupanga, na utafute utupu. Kama kila mstari uliohama unasoma `FAUX`, mara nyingi ni kolone H yenyewe iliyobaki nje ya eneo, tablo haina kosa, ila rudi hata hivyo na ufanye tena. Ukimaliza futa J.

9. Chuja kwa kuangalia mtu mmoja

Kama unataka tu kujua Mama Furaha anadaiwa ngapi, hauna haja ya kupanga kitu. Hii ni mawazo yangu na naishikilia: watu wanapanga sana wakati kuchuja kungetosha, kuchuja hakuhamishi kitu, kunaficha tu.

Finya ndani ya tablo, `Données`, `Filtrer`. Mshale unatokea kwenye kila kichwa. Kwenye Mteja, toa alama ya yote, acha Mama Furaha. Mistari ine sasa, si mbili. Kwa jumla, andika kwenye L1, pembeni ya vichwa na kolone tupu katikati, juu mstari wa vichwa haufichwi na filtre:

```
=SOUS.TOTAL(109;F2:F10)
```

Itasoma 211. Ukitumia `SOMME` kwenye eneo lile lile itasoma 403, juu `SOMME` inahesabu hata vilivyofichwa, na njo vile mtu anakuja kupigana na Mama Furaha asubuhi na mapema. Ukitaka kuona yote tena, `Effacer`.

Ukitaka kupanga kwa dola bila kuvunja boni

Hapa watu wanachoka. Bosi anasema "panga boni kubwa juu". Ukipanga kolone ya Dola moja kwa moja, 88 itaenda juu, 56 itafuata, 50 nyuma yake, na boni 101 itakuwa imesambaa mahali mbili. Kila mstari bado iko na jina lake, hakuna kilichopotea, ila boni haisomeki tena.

Tunapanga kwa jumla ya boni, si kwa dola ya mstari. I1 andika Jumla ya boni, I2:

```
=SOMME.SI($A$2:$A$10;A2;$F$2:$F$10)
```

Vuta chini. Mistari yote tatu ya 101 itasoma 183, ya 102 itasoma 101, ya 105 itasoma 69, 104 ni 28, 103 ni 22. Zile alama za `$` ni lazima, zinashikilia eneo lisitembee mstari ukihama, na A2 bila `$` inaachiwa itembee na mstari wake. Tofauti na ile `=A2` ya hatua ya 3, hii haiangalie mstari wa juu, inaangalia mstari wake yenyewe na tablo nzima, kwa hiyo unaweza kuiacha formile.

Panga tena: Jumla ya boni `Du plus grand au plus petit`, kisha Boni, kisha Namba. Usisahau Boni kwenye kiwango cha pili. Siku boni mbili zitakuwa na jumla sawa, tuseme zote mbili 69, na mistari ya moja iliongezwa baadaye kule chini, bila Boni mistari yao inaweza kuingiliana kwa kufuata Namba, na boni mbili zitafanana na boni moja.

Makosa yenye kurudi rudi

Kuchagua kolone moja kisha kufinya A-Z. Excel inakuonea huruma hapa, inafungua dirisha na chaguo mbili: `Étendre la sélection` na `Continuer avec la sélection en cours`. Ya kwanza inapanga mistari mizima. Ya pili inapanga ile kolone peke yake na kuacha zingine, majina yanahama na deni zinabaki pahali pake. Usiizoee kufinya haraka haraka bila kusoma. Na kama ulichagua kolone mbili tatu kati ya sita, usingoje lile dirisha, inaweza kupanga tu bila kukuuliza.

Kubandika juu ya tablo iliyochujwa. Tablo iko kwa mpangilio wa mwanzo, umechuja Mama Furaha, mistari 2, 3, 4 na 8 inaonekana, unakopi namba ine kutoka mahali pengine na unabandika. Kwa macho yako zinaenda kwenye ile mistari ine. Kwa kweli zinaenda 2, 3, 4 na 5, na wa 5 ni wa Papa Bahati aliyefichwa. Utakuja kumuona siku utatoa filtre, ao hautamuona. Ukitaka kuandika neno moja kwenye mistari inayoonekana tu, mfano "amelipa", chagua visanduku, finya `Alt+;` ili ibaki inayoonekana peke yake, andika neno, kisha `Ctrl+Entrée`. Kwa namba tofauti tofauti, toa filtre na upange kwanza ili mistari ya ule mtu ikae pamoja, kisha ubandike.

Kolone ya solde inayoendelea, ile inayosema "baki ya juu ongeza hii". Formile yake inaangalia mstari wa juu, kwa hiyo ukipanga kwa jina inahesabu baki ya mtu mwengine. Hakuna namna ya kuiponya na mpangilio, iko na maana kwa mpangilio wa tarehe tu. Itoe kwenye tablo ya kupanga, ao uigeuze `Valeurs` na ujue kwamba itabaki kama picha ya zamani.

Shida na namna ya kuzitoa

Dola zinapangwa vibaya, 9 inakuja nyuma ya 88, ao zingine zote ziko chini kabisa. Mtu ameandika `45$`, ao ameandika 12.5 na nukta wakati mashini yako inangojea 12,5. Kwa Excel hiyo ni neno, si namba, na maneno yanapangwa nyuma ya namba. Kama hukubadilisha mpangilio wa kolone, namba zinakaa upande wa kuume wa kisanduku na maneno upande wa kushoto, utaziona. Chagua kolone ya Dola peke yake, `Ctrl+H`, `$` ibadilishwe na kitu kitupu. Kwa nukta vile vile, ibadilishwe na koma. Kama depo yako inauza kwa dola na kwa franga ya Congo, fungua kolone nyingine ya Monnaie na uandike USD ao CDF mule, usichanganye na namba, na uchuje Monnaie mbele ya kufanya jumla yoyote.

Tarehe zinapangwa kwa siku, 03/03 kisha 03/04 kisha 04/03. Hizo nazo ni maneno. Chagua kolone, `Données`, `Convertir`, finya `Suivant` mara mbili, chagua `Date` na `JMA`, `Terminer`.

Hatua ya 3 imekatalia, inasema hakuna visanduku vitupu, na weye unaviona. Mtu alifinya espasi ndani yake. Kwa Excel espasi ni kitu. Finya juu ya kimoja, angalia kama kalamu inasimama mbali kidogo na ukingo, kisha vifute na `Suppr`. Ao imekubali lakini inaonyesha `=A2` vile vile imeandikwa: kolone iko kwenye format ya `Texte`, finya `Ctrl+Z` ili visanduku virudi vitupu, rudisha `Standard` kisha ufanye tena.

Mama Furaha anatokea mara mbili kwenye orodha ya filtre, "Mama Furaha" na "Maman Furaha". Herufi kubwa na ndogo Excel haizitofautishe, lakini herufi moja zaidi inatosha kumgawanya. Ile orodha ya filtre njo mahali pazuri pa kukamata hayo, ipitie yote mbele ya kupanga, na urekebishe na `Ctrl+H` kwenye kolone ya Mteja peke yake. Na kama kuna Mama Furaha wawili wa kweli, usiachie jina lifanye kazi, tia namba ya mteja kwenye kolone yake na upange kwa hiyo.

Nimesha kuregistre na kufunga, mistari haina majina. Kama ulikuwa na Namba na mistari ilihama mizima, panga kwa Namba, yote itarudi. Kama hukuwa nayo lakini mistari ilihama mizima, chukua boni za karatasi na utafute bidhaa na wingi, zile zenye kufanana (zile sukari mbili za 45) utazitofautisha na kitu kingine, ao hautazitofautisha. Kama fishie iko kwenye OneDrive, finya kulia juu yake na uangalie `Historique des versions`, mara nyingi ya jana iko mule. Kama ulimtumia bosi fishie kwa WhatsApp wiki iliyopita, ile nayo ni kopi, ishushe, na uongeze tu boni zilizoingia nyuma yake.